Somo: Kuchagua Rangi za Nembo ya Famasi

Katika somo hili tutaifuata famasi moja inayojiandaa kufunguliwa Ngamiani, Tanga. Mwenye famasi anataka nembo ya msalaba mwekundu juu ya weupe, kwa maoni kwamba kila mtu akiuona atajua kuwa hapo pana tiba.

Hatua ya 1: Ondoa rangi zisizoruhusiwa. Msalaba mwekundu juu ya weupe ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kama ilivyo hilali nyekundu. Alama hiyo huwatambulisha wahudumu wa tiba vitani pamoja na Shirika la Msalaba Mwekundu, kwa hiyo si halali kuifanya nembo ya biashara, hata kama umeiona kwenye maduka mengi. Msalaba wa kijani ndio uliozoeleka kwa famasi katika nchi nyingi za Ulaya, nao hauna kizuizi hicho.

Hatua ya 2: Simama ng'ambo ya barabara utazame majirani. Rangi haisomwi peke yake, bali husomwa pamoja na kuta zilizo kando yake. Kwa famasi yetu, duka la kushoto limepakwa nyekundu na kampuni ya simu, na kibanda cha kulia kina bango jekundu la soda, kwa hiyo hata nyekundu isiyo na msalaba ingemezwa na kuonekana kama mahali pa kununulia vocha. Nyekundu pia hutangaza dharura au punguzo la bei, ilhali anayekuja kuchukua dawa ya presha kila mwezi anatafuta utulivu.

Kijani nacho kina mitego yake. Kikiwekwa pamoja na njano, mpita njia atafikiri ni tawi la CCM au la mashabiki wa Yanga, na mfamasia hana sababu ya kuingia katika mabishano hayo. Kijani chepesi chenye picha ya jani humfanya mteja atarajie dawa za asili, aje kuulizia mlonge na mwarobaini. Kijani kilichokolea pamoja na nyeupe ndicho kinachobaki na maana ya famasi. Bluu na nyeupe hutoa picha ya usafi na vipimo, na inafaa zaidi palipo na maabara. Binafsi ningeiongeza kidogo tu, kwenye jina.

Hatua ya 3: Pima tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari yake. Herufi nyeupe juu ya kijani chepesi `#8CC63F` zina uwiano wa takriban 2 kwa 1, na mzee asiyeona vizuri hatazisoma. Juu ya kijani kilichokolea `#00703C` uwiano hufika takriban 6 kwa 1, wakati kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Kwa kuwa nembo itachapwa pia kwenye bahasha za dawa, itoe kopi nyeusi na nyeupe: sehemu zikichanganyika, rudi kwenye rangi.

Hatua ya 4: Fikiria jua. Kijani cha bango lililochapwa kwa mashine kwa kawaida hutokana na wino wa samawati na wa njano, na katika wino nyingi njano hupauka mapema kuliko samawati. Ndiyo maana mabango ya kijani yanayotazama magharibi hugeuka polepole kuwa ya bluu. Kwa kibao cha nje, mwombe fundi akate herufi na msalaba kutoka kwenye stika ambayo rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, nikiuweka msalaba mweupe juu ya nyekundu nitakuwa salama?

Jibu: Marahaba. Hapana, mwanangu. Huo unafanana na bendera ya Uswisi, ambayo nayo inalindwa na mikataba hiyo hiyo isitumike kibiashara.

Swali: Ukuta wangu tayari ni wa kijani chepesi na sina fedha za kuupaka upya. Nifanyeje, kaka?

Jibu: Uache ukuta, dada. Weka kibao cheupe chenye ukingo mpana wa kijani kilichokolea, na jina liwe kwa rangi hiyo hiyo ya ukingo. Weupe utakitenga kibao na ukuta.

Swali: Bahasha zangu ni za kaki. Kijani kitaonekana?

Jibu: Kilichokolea kitaonekana, ingawa kitaelekea weusi kidogo. Usitegemee sehemu nyeupe za nembo, kwa sababu zitakuwa kaki. Kwa hiyo tengeneza toleo la pili ambalo msalaba wenyewe ndio wa kijani, badala ya msalaba mweupe ndani ya duara la kijani.