Orodha ya wanufaika na ChatGPT: nini kifanyike kabla ya kubandika

Tuchukue kazi inayojulikana katika biro za miradi Bukavu: una orodha ya akina mama wa Kalehe waliotibiwa baada ya kutendewa ukatili, na mfadhili anataka muhtasari wa ukurasa mmoja kesho asubuhi.

Hatua ya 1. Tumia akaunti ya ChatGPT ya biro, si yako binafsi. Ingia `Settings`, kisha `Data controls`, uzime `Improve the model for everyone`. Ila usijidanganye: hapo umezuia tu mazungumzo yasitumike kufundishia modeli. Maneno yenyewe yameshatoka biro, yako kwenye seva ya watu wengine.

Hatua ya 2. Usipandishe faili nzima ya Excel. Safu iliyofichwa huioni, lakini inasafiri na faili, na mara nyingi ndiyo yenye namba za simu. Hata ukiburuta kipanya juu ya safu kadhaa na kunakili, zile zilizofichwa katikati zinanakiliwa pia. Fungua jedwali jipya, unakili safu moja moja, zile tu unazohitaji.

Hatua ya 3. Ficha mtu, si jina tu. Wengi huishia kwenye kufuta jina na simu. Tazama mstari huu:

```
Jina limefutwa: miaka 34, Minova, mjane, ana mapacha, 12/03
Umesafishwa:    M-07, miaka 30-39, Kalehe, Machi
```

Ule wa kwanza, jirani yeyote wa Minova atamjua mwenyewe kabla hajamaliza kusoma. Kwa hiyo umri uwe wa makundi, kijiji kiwe teritware, tarehe iwe mwezi. Kundi likibaki na watu chini ya 5, liunganishe na lingine. Orodha inayoonyesha M-07 ni nani ibaki kwenye kompyuta ya biro, kwa nenosiri.

Hatua ya 4. Hesabu upya kwa mkono. Jedwali lina mistari 48, lakini 6 ni waliokataa ushauri. Muhtasari unaweza kuandika kwa lugha tamu kwamba akina mama 48 walipata ushauri. Anayeweka sahihi kwenye raporo ndiye mwenye kosa hilo, na "mashine ndiyo iliyoandika" si jibu. Mwezi Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zisizokuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT. Kwetu Kongo, data za watu binafsi zinalindwa na sheria ya dijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023.

Ukishabandika kimakosa, usikimbilie kufuta. Piga kwanza picha ya skrini, umwambie shefu na anayesimamia data siku hiyohiyo, ndipo ufute mazungumzo. Ukianza kwa kufuta, hakuna atakayejua ni akina mama gani wa kuonywa.