Chai ya maziwa isiyomwagika jikoni

Jamani chai ya maziwa ya viungo haitaki haraka. Kwa vikombe 4 mimi naweka maji vikombe 2 na maziwa vikombe 2, majani vijiko vidogo 2 vilivyojaa, sukari vijiko vidogo 5, ukipenda kali punguza.

Anza na maji na viungo tu, kipande cha tangawizi kama kidole gumba ukitwange, iliki 4 uzipasue, mdalasini kijiti, acha vichemke dakika 5 hivi mpaka harufu ijae jikoni. Tangawizi mbichi ukiitupia kwenye maziwa inayakata, utaona mabonge mabonge, ndo maana inatangulia kwenye maji. Halafu majani, dakika 2, kisha maziwa na sukari.

Sasa hapo kwenye maziwa ndo usitoke kabisa. Maziwa yakipata moto yanaweka utando juu, mvuke unabanwa chini yake, ukizubaa tu unausukuma povu lote linapanda mara moja na jiko limeshaharibika. Kwa hiyo tumia sufuria inayobaki nusu tupu, punguza moto ukiona vipovu vidogo vinazunguka pembeni, chota na upawa umimine kutoka juu, chota mimina, utando haupati nafasi. Mwiko ukilazwa juu ya sufuria unasaidia kidogo ila moto ukiwa mkali povu linaupita tu. Likishapanda inua sufuria, usipulize. Rangi ikishakuwa ya udongo mwekundu, chuja.