Gololi kwenye boriti: geini kubwa inapokutana na kelele za sensa

Kisa hiki hujirudia katika maabara za udhibiti. Mwanafunzi ana boriti ya sentimita 30, gololi ya chuma, sevo inayoinamisha boriti hadi digrii 15 kila upande, na sensa ya infraredi GP2Y0A41SK0F iliyofungwa kwenye ncha ya boriti. Arduino Uno inasoma sensa kila milisekunde 20. Kwenye kompyuta gololi inafika inapotakiwa na kutulia mara moja. Kwenye meza, sevo inanguruma bila kupumzika, inapata moto, na gololi inatetemeka hadi inadondoka.

Fuata hatua hizi kabla ya kulaumu sevo.

Hatua ya 1: Angalia geini zilitoka wapi. Gololi isiyo na uwazi ndani, ikibiringika bila kuteleza, ina mchapuko wa 5/7 ya g mara pembe ya boriti, yaani karibu 7 kwa kila radiani. Mwanafunzi alitaka mfumo wenye kasi ya 10 rad/s na ufifishaji wa 0.7. Hesabu ikampa:

```
Kp = 10*10 / 7 = 14.3
Kd = 2*0.7*10 / 7 = 2.0
```

Hesabu ni sahihi, ila ingemtahadharisha kama angeijaribu kwa umbali halisi. Gololi ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye lengo, Kp peke yake inaagiza pembe ya radiani 1.43, yaani digrii 82. Boriti inaishia 15.

Hatua ya 2: Pima kelele gololi ikiwa imesimama. Ibane gololi kwa plastisini sentimita 25 kutoka kwenye sensa, zima sevo, kisha rekodi usomaji 500. Usitafute wastani, tazama namba zinavyoruka kati ya usomaji mmoja na unaofuata.

Hapa ndipo penye siri ya sensa hii. Volti zake hushuka kadiri gololi inavyokwenda mbali, na mteremko huo unazidi kulala. Kwa sentimita 10, hatua moja ya kigeuzi cha biti 10 (milivolti 4.9) ni kama nusu milimita. Kwa sentimita 25, hatua hiyohiyo ni karibu milimita 2.5. Ndiyo maana boriti hutetemeka zaidi gololi ikiwa upande wa mbali, na dalili hiyo peke yake inatosha kukuelekeza kwenye sensa.

Sasa rudia kipimo sevo ikiwa inacheza huku gololi imebanwa vilevile. Kelele zikiongezeka, sevo inavuruga umeme wa sensa. Ipe sevo chanzo chake cha volti 5, unganisha GND zote, na weka kapasita ya mikrofaradi 10 au zaidi karibu kabisa na miguu ya umeme ya sensa.

Hatua ya 3: Fuatisha mruko mmoja hadi kwenye sevo. Chukua mruko wa milimita 3. Programu inapata kasi kwa kugawa tofauti ya nafasi kwa sekunde 0.02, hivyo inaona gololi iliyosimama ikikimbia 0.15 m/s. Zidisha kwa Kd ya 2.0: radiani 0.3, digrii 17. Sevo imeshafika mwisho wa mwendo wake kwa sababu ya kelele tupu, na usomaji unaofuata unairudisha upande wa pili.

Hatua ya 4: Punguza kasi ya mfumo, kisha chuja. Kwa 3 rad/s, Kp inakuwa 1.29 na Kd 0.6. Mruko uleule sasa unaleta digrii 5 kupitia Kd. Bado ni nyingi, kwa hiyo chuja kasi peke yake, kwa kichujio kinachokata kwenye 15 rad/s:

```
v_ghafi = (x - x_awali) / 0.02;
v = v + 0.23 * (v_ghafi - v);
pembe = Kp * (lengo - x) - Kd * v;
x_awali = x;
```

Zinabaki kama digrii 1.2.

Wengi huacha geini kubwa na kuweka kichujio kizito. Haisaidii, kwa sababu kila kichujio huchelewesha. Tuseme sevo na usomaji tayari vinachelewesha milisekunde 50: muundo wa 10 rad/s unapoteza digrii 44 kati ya 65 za akiba yake ya uthabiti, kabla hata ya kichujio. Muundo wa 3 rad/s unapoteza 13 tu, kwa hiyo una nafasi ya kuchuja.

Hatua ya 5: Jaribu tena kwa plastisini, kidhibiti kikiwa kimewashwa. Bana gololi palipo na lengo, sentimita 25, na tazama pembe inayoagizwa. Ikiyumba chini ya digrii 2, achia gololi. Ikisimama sentimita moja hivi pembeni ya lengo, hiyo ni kazi ya msuguano: kosa hilo linaagiza digrii 0.7 tu, na sevo nyingi za bei nafuu haziitikii vizuri pembe ndogo hivyo. Panda Kp na Kd kidogokidogo, ukirudia jaribio la plastisini kila mara, na uishie pale mtikisiko unapofika digrii 2. Ukihitaji kasi zaidi ya hapo, badilisha sensa.