Somo: Kutoa takwimu kwenye slaidi na kuziandika kwa sentensi bila kuziharibu

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya 2012 na ya 2022. Chukulia umepewa slaidi yenye jedwali hili, pembeni kuna chati ya nguzo mbili, na unatakiwa kuandika aya moja ya ripoti.

| Eneo (milioni) | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Tanzania Bara | 43.6 | 59.9 |
| Zanzibar | 1.3 | 1.9 |
| Dar es Salaam | 4.4 | 5.4 |
| Jumla | 44.9 | 61.7 |

Hatua ya 1: Soma maandishi madogo kabla ya namba. Kichwa cha jedwali, kizio, mwaka, na tanbihi ya chini kama ipo. Hapa kizio ni milioni, kimeandikwa mara moja tu juu kushoto. Anayekiruka huishia kuandika "watu 61.7", na kosa hilo hupita hata kwa wahariri watatu kwa sababu jicho linajua maana.

Kisha uliza kila safu ni sehemu ya nini. Jumlisha safu tatu za juu za 2022: 59.9, 1.9 na 5.4 zinakupa 67.2, wala si 61.7. Jedwali halijakosea. Dar es Salaam ni mkoa wa Bara, kwa hiyo watu wake wameshahesabiwa kwenye safu ya kwanza. Slaidi nyingi huweka "sehemu" na "nzima" bega kwa bega bila kusema. Ukijumlisha na hesabu ikakataa, tafuta safu iliyo ndani ya safu nyingine kabla hujamlaumu mtayarishaji.

Hatua ya 2: Tazama mhimili wa chati unaanzia wapi. Kwenye chati yetu mhimili wa wima umeanzia 40. Matokeo yake nguzo ya 2012 imebaki na kimo cha 4.9 tu juu ya msingi, na ya 2022 ina 21.7. Kwa macho, ya pili ni zaidi ya mara nne ya ya kwanza. Ndipo mtu huandika "idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara nne". Gawanya namba zenyewe: 61.7 kwa 44.9 ni 1.37. Haijafika hata mara moja na nusu. Neno "mara" usiliandike kamwe kwa kuangalia urefu wa nguzo. Liandike baada ya kugawanya.

Hatua ya 3: Tafuta namba kamili kabla ya kukokotoa. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo. Namba za slaidi zimekadiriwa hadi desimali moja. Ukichukua Zanzibar, 1.3 kwenda 1.9, ongezeko linatoka asilimia 46.2. Namba kamili za sensa ni 1,303,569 na 1,889,773, na ongezeko la kweli ni asilimia 45.0. Umekosea kwa zaidi ya pointi moja ilhali hukukosea hesabu popote. Kwa nchi nzima tofauti haionekani: slaidi na namba kamili (44,928,923 na 61,741,120) zote zinatoa 37.4. Namba ikiwa ndogo, ukadiriaji unaiuma zaidi. Kwenye Excel, 2012 ikiwa B2 na 2022 ikiwa C2:

```
=(C2-B2)/B2
```

Namba kamili usipozipata, andika "takriban asilimia 45" au "karibu nusu". Usiweke desimali ambayo chanzo chako hakina uwezo wa kuibeba.

Hatua ya 4: Chagua kati ya "kwa" na "hadi". "Iliongezeka kwa milioni 16.8" ni nyongeza. "Iliongezeka hadi milioni 61.7" ni pale ilipofika. Ukizibadilisha umebadilisha habari yote.

Asilimia zina mtego wa jamaa yake. Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 9.7 ya watu wote wa nchi mwaka 2012, na 8.7 mwaka 2022. Sehemu hiyo imeshuka kwa pointi moja ya asilimia. Haijashuka kwa asilimia moja: kutoka 9.7 kwenda 8.7 ni kupungua kwa takriban asilimia 10. Tena kilichoshuka ni sehemu ya mkoa katika nchi, kwani watu wenyewe waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Sentensi isiyosema "asilimia ya nini" ni mbovu hata kama namba yake ni sahihi.

Hatua ya 5: Andika, kisha rudi nyuma. Aya yetu:

> Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, idadi ya watu Tanzania iliongezeka kutoka 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022, sawa na ongezeko la asilimia 37.4. Ongezeko la Zanzibar lilikuwa kubwa zaidi, asilimia 45.0, kutoka watu 1,303,569 hadi 1,889,773. Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kwa watu 1,019,187 na kufikia 5,383,728, lakini sehemu yake katika idadi ya watu wote wa nchi ilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7.

Sasa funika slaidi, soma aya, uchore jedwali upya kutokana na sentensi peke yake. Kisanduku usichoweza kukijaza kinakuonyesha sentensi iliyopungukiwa mwaka, kizio au "ya nini".

MASWALI

Karani: Shikamoo mwalimu. Chati niliyopewa nguzo zake hazina namba juu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kama ni faili la PowerPoint, bofya chati kwa kitufe cha kulia uone kama kuna `Edit Data`. Mara nyingi jedwali lote limo humo. Kama ni picha tu, chukua rula. Tuseme mistari ya 40 na 50 imeachana milimita 20, basi milimita moja ni nusu milioni. Kilele kikiwa milimita 43 juu ya mstari wa 40, unapata 61.5. Lakini ukiteleza milimita moja tu umepoteza watu laki tano, kwa hiyo andika "takriban milioni 62" na useme umesoma kwenye chati. Nguzo zilizochorwa kwa umbo la boksi lenye kina usizipime kabisa. Kilele chake hakikai kwenye mstari wake.

Mpemba wa Wete: Asilimia 37.4 kwa miaka 10 si 3.7 kwa mwaka? Mbona ripoti ya sensa inasema 3.2?

Jibu: Kwa sababu ongezeko la kila mwaka nalo huongezeka juu yake. Ukianza na milioni 44.9 ukaongeza asilimia 3.74 kila mwaka, mwaka wa 10 utafika karibu milioni 65, watu milioni 3 ambao hawapo. Tumia:

```
=(61741120/44928923)^(1/10)-1
```

Inatoa 0.032.

Bi Hesabu: Bosi ameona 59.9 na 1.9, anasema jumla iwe 61.8. Nirekebishe?

Jibu: Usiguse. Namba kamili ni 59,851,347 na 1,889,773. Zote mbili zimepandishwa kidogo wakati wa kukadiria, na jumla yao, 61,741,120, imeshushwa. Weka tanbihi: "Jumla inaweza kutofautiana kwa sababu ya ukadiriaji." Akiendelea kubisha, mwonyeshe namba kamili ajumlishe mwenyewe.