Umeitwa kwa jina na humkumbuki aliyekuita: namna ya kumwitikia

Mdogo wangu amerudi Mwanza mwezi huu baada ya miaka tisa Dodoma. Siku ya kwanza nilipoenda naye mwaloni Kirumba, watu watatu walimwita kwa jina, na wote watatu hakuwatambua. Alichofanya ni kutabasamu kidogo na kutazama chini. Mama mmoja aliondoka uso umemshuka, nilimwona. Usiku ule tulikaa nikamweleza ninavyofanya mimi, na hapa nayaweka kwa maandishi.

Mimi nauza dagaa. Kuitwa na watu ndiyo siku yangu nzima, na kipindi cha mbalamwezi ndicho kigumu zaidi. Mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika na watu wa visiwani huja mjini kununua mahitaji. Mtu uliyemwona mara moja, miaka minne iliyopita, akiwa na koti la mvua usiku, leo anakujia amevaa shati la kanisani.

Hatua ya 1: Itika kabla hujaanza kutafuta

Ukiitwa, itika. Mwanamke "Abee!", mwanaume "Naam!", kwa sauti kamili. Weka chini ulichoshika, mgeukie mwili mzima, mpe mkono. Akionekana kukuzidi umri, mwamkie shikamoo hapo hapo. Shikamoo iliyozidi haijawahi kumuudhi mtu, iliyokosekana hukumbukwa mpaka msibani. Akikuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka" asubuhi au "Mwadila" jioni, mrudishie hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Sikiliza jina alilokuitia

Hapa ndipo watu wengi wanapopitwa. Wanahangaika na sura, kumbe mtu ameshajitambulisha nusu kwa jina alilolichagua. Mimi jina langu la kuzaliwa ni Anna. Wanaoniita "Anna" kavu ni wa Nansio, kisiwani Ukerewe, tuliokua pamoja. "Mama Yona" ni majirani wa Igoma, kwa sababu Yona ndiye mtoto wangu wa kwanza na nilihamia pale nikiwa naye mgongoni. "Mama Neema" ni wazazi wa shuleni kwa Neema, hakuna wengine. "Dada Anna" ni wateja. Kabla hajamaliza kunishika mkono, mji mzima umeshapungua ukabaki mtaa mmoja.

Kaa siku moja uandike majina yako yote na nani hukuita lipi. Mdogo wangu alipata matano, likiwemo la utani la shule ya msingi ambalo alidhani limekufa.

Hatua ya 3: Refusha salamu, lakini usimtaje mtu

Hatua hii naieleza kwa urefu kwa sababu iliniumiza.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniita "Mama Yona" pale Mlango Mmoja. Nikajua ni wa Igoma, nikafurahi kwamba nimeshampata nusu. Kwa furaha ile nikamuuliza, "Na mzee hajambo?" Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mama Yona, si ulikuwepo." Nilikuwepo kweli. Nilikaa msibani kwake siku mbili, nikamenya ndizi na wenzangu nyuma ya nyumba, na usiku tulilala kwenye mkeka mmoja na dada yake. Msibani alikuwa amejifunika khanga mpaka usoni, na hapo mtaani alikuwa amesuka nywele. Nilirudi nyumbani sikupika. Nilikaa mpaka saa nne usiku nikipanga namna ya kumwendea, na kesho yake nikaenda kwake na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini lile "si ulikuwepo" bado nalisikia.

Tangu hapo nina mwiko: simuulizi mtu nisiyemtambua habari za mume, mke, mzee, mtoto wala mimba. Nauliza "Nyumbani hawajambo?" tu, kwa sababu nyumbani ni wote, na yeye mwenyewe atachagua wa kumtaja. Akisema "Tunamshukuru Mungu" kwa sauti ya chini, siongezi swali. Nasema "Poleni na majukumu" na ninatulia. Pole haina hasara.

"Habari za siku nyingi" nayo naiogopa. Kama mlionana Jumapili, umeshajifichua. Sema "Habari za tangu tulipoachana?", inabeba jana na inabeba miaka kumi.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la "huko": "Huko hali ya hewa ikoje?" "Huko mmeamkaje?" Humlazimishi kitu, naye lazima ajibu akiwa mahali fulani. Wiki iliyopita mwanaume wa rika langu alinikuta naanua magunia, akaniita "Anna!" Basi, Nansio au jirani yake. Nikaitika, nikampa mikono yote miwili, nikamuuliza huko mvua zimeanza? Akasema, "Zimeanza, ila Ukara kwetu mihogo imeoza kidogo." Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe! Nikamuuliza amevuka lini. Akasema juzi, amekuja kununua nyuzi za nyavu maana za mzee zimechakaa. Hapo nikaona nyavu za kahawia zilizoanikwa kwenye mwembe, na mvulana mrefu anayezishona kwa sindano ya mti. Nyumba yao nilishafika, nilinywa uji pale. Jina tu ndilo halikuja.

Kama hujapata kitu baada ya maswali matatu, acha. La nne linasikika kama la polisi.

Hatua ya 4: Sema, na useme mapema

Kuna wanaotumia simu. Wanasema "Nibipu nikuhifadhi", au wanaiandika namba kama wanamtumia pesa ili jina litokee kabla ya namba ya siri. Siipendi njia hii. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la kaka au shemeji, utamwita mtu jina la shemeji yake. Na akikujibu "Si unayo namba yangu?" utasema nini?

Mimi nasema ukweli, ila natanguliza ninachokijua. Yule wa Ukara nilimwambia, "Ndugu yangu, kwenu nimefika, mzee alikuwa anaanika nyavu kwenye mwembe na mimi nilikunywa uji pale. Jina lako limenitoka, nisaidie." Akacheka, akasema "Majura," na papo hapo akaanza kunikumbusha nani alipika ule uji. Ukisema "Samahani, wewe ni nani vile?" umemfukuza. Ukimtajia mwembe wa kwao, anajua hukumsahau yeye, umesahau neno moja.

Kama hujui hata mwembe: "Sura yako si ngeni kwangu, na nafurahi umeniita. Nikumbushe tulipoonana." Uliza mahali kwanza, jina litafuata lenyewe.

Ukiwa na mwenzako ni rahisi zaidi: "Huyu ni mdogo wangu, anaitwa Rehema," kisha nyamaza. Wengi watampa mkono na kutaja jina lao. Asipolitaja, rudi kwenye ukweli bila kuchelewa, kabla hamjaanza kupanga biashara.

Hatua ya 5: Andika kabla hajafika mbali

Jina peke yake halisaidii, Majura wako wengi. Kwenye simu yangu ameandikwa: Majura Ukara nyavu mwembe. Nilimwandika akiwa bado anaonekana, anapanda bodaboda na roba lake la nyuzi.