Somo: Maswali manne ya kupata bei ya kitafunio kipya (tafadhali soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Nimetengeneza kitu kizuri, niuze ngapi?" Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Njia yenyewe inajulikana kwa jina la Peter van Westendorp, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1976. Humuulizi mteja "utanunua kwa ngapi?", kwa sababu swali hilo kila mtu hulijibu kama anayepatana sokoni: atakutajia ya chini. Unamuuliza mipaka yake minne, halafu unatafuta mipaka ya watu wengi inakutana wapi.

Tuchukue mfano wa mtu wa Malindi anayetaka kutoa nazi ya kuoka kwa pilipili na ndimu, pakiti ya gramu 50. Namba nitakazotumia ni za kufundishia, usizichukue ukabandika kwenye bidhaa yako.

1. Andaa pakiti kamili. Uzito ule ule, mfuko ule ule, lebo ile ile utakayouza. Usiweke bei.

2. Chagua watu. Wawe ni wanunuzi wa vitafunio, na wasiwe ndugu zako. Waulize mmoja mmoja. Ukiuliza kwenye baraza, wa kwanza akisema 50, waliobaki wote watasema 50.

3. Mwonjeshe, kisha uliza. Maswali ni haya, na yasomwe kwa maneno na mpangilio ule ule kwa kila mtu:

- Ni bei gani ungeona pakiti hii ni rahisi mno, mpaka ukatilia shaka ubora wake?
- Ni bei gani ungeona ni nafuu, umepata kitu kizuri kwa pesa kidogo?
- Ni bei gani ungeona inaanza kuwa ghali. Bado unaweza kununua, lakini utafikiri kwanza?
- Ni bei gani ungeona ni ghali mno, hununui kabisa?

4. Ingiza majibu. Kila mtu mstari wake. Kwenye Excel au Google Sheets, safu B iwe rahisi mno, C nafuu, D ghali, E ghali mno.

5. Ondoa majibu yasiyopangika. Kwa mtu mmoja, bei nne lazima zipande. Aliyesema nafuu ni 50 na ghali ni 40 hakuelewa, au wewe hukumsomea vizuri. Fomula ya kukagua:

```
=AND(B2<C2,C2<D2,D2<E2)
```

Ikitoka FALSE, mstari huo unatoka. Wakiwa zaidi ya mmoja katika kumi, mimi huacha hesabu na kurudi kwenye maswali, kwa sababu hapo tatizo liko kwa muulizaji.

6. Jumlisha kwa upande unaofaa. Hapa ndipo karatasi nyingi ninazoletewa huharibika, kwa hiyo nisome taratibu.

Andika bei kwenye safu G: 10, 20, 30 na kuendelea. Kwa kila bei unatafuta asilimia ya watu. Sasa fikiria mtu aliyesema 20 ni rahisi mno. Je, kwake 10 ni rahisi mno? Bila shaka. Na 30? Hapana. Kwa hiyo kwenye "rahisi mno" na "nafuu" unahesabu waliotaja bei hiyo au zaidi. Ghali ni kinyume: aliyesema 80 ni ghali mno, hata 100 kwake ni ghali mno. Huko unahesabu waliotaja bei hiyo au pungufu. Kisha "nafuu" na "ghali" unazigeuza ziwe "si nafuu" na "si ghali". Kwa watu 40:

```
Rahisi mno: =COUNTIF(B$2:B$41,">="&G2)/40
Si nafuu:   =1-COUNTIF(C$2:C$41,">="&G2)/40
Si ghali:   =1-COUNTIF(D$2:D$41,"<="&G2)/40
Ghali mno:  =COUNTIF(E$2:E$41,"<="&G2)/40
```

Utajuaje umekosea? Chora grafu uitazame. "Rahisi mno" na "si ghali" lazima zianze juu kushoto zishuke. "Si nafuu" na "ghali mno" lazima zianze chini zipande. Ukitumia alama moja kwa zote, "rahisi mno" itapanda pamoja na "ghali mno" na hazitakutana popote. Watu wakiona hivyo husema njia haifanyi kazi. Kumbe ni alama moja tu ndani ya fomula. Na ukisahau zile alama za `$`, fomula ikishuka mstari wa pili inaacha mtu mmoja nje, wa tatu inaacha wawili, na grafu bado inaonekana nzuri tu. Angalia fomula ya mstari wa mwisho kabla ya kuamini chochote.

7. Soma makutano. Asilimia za mfano wetu:

| Bei (sh) | Rahisi mno | Si nafuu | Si ghali | Ghali mno |
|---|---|---|---|---|
| 20 | 45 | 0 | 100 | 0 |
| 30 | 15 | 35 | 95 | 0 |
| 40 | 5 | 70 | 75 | 5 |
| 50 | 0 | 90 | 35 | 15 |
| 60 | 0 | 100 | 20 | 30 |

Mpaka wa chini ni pale "rahisi mno" inapokutana na "si nafuu". Kwenye 20 ya kwanza iko juu, kwenye 30 iko chini, kwa hiyo zimepishana katikati, kama shilingi 27. Mpaka wa juu ni "ghali mno" na "si ghali": zinapishana kati ya 50 na 60, kama 57. Kati ya 27 na 57 ndiyo bei inayokubalika. "Rahisi mno" na "ghali mno" zinakutana kwenye 40, na hapo wanaoikataa bei kwa sababu moja au nyingine ni wachache kuliko kwingine.

Lakini hakuna mtu aliyesema 27 wala 57. Hizo zimetokana na mstari ulionyooshwa kati ya nukta mbili. Tazama "si ghali" inavyoporomoka kutoka 75 hadi 35 kwa hatua moja. Ni kwa sababu watu 16 kati ya 40 walitaja 50. Mtu wa hapa ukimuuliza bei, akili yake inakwenda kwenye noti na sarafu: 20, 50, 100. Ndiyo maana baada ya jibu mimi huuliza kila mtu, bila kumruka yeyote, "Na pungufu ya hapo kwa shilingi tano, je?" na kuandika jibu la mwisho. Ukishapata mipaka, isome kwa bei zinazolipika: 30, 40 na 50 zimo ndani, 20 na 60 ziko nje.

---

MAONI NA MASWALI

Mjasiri_Watamu: Kwa hiyo niuze krips zangu za muhogo 40?

Jibu: Hapana. Hiyo 40 ni ya mfano, na ya nazi. Nimeandika juu kabisa.

Mjasiri_Watamu: Sawa, lakini muhogo na nazi si vinakaribiana tu?

Jibu: Havikaribiani. Krips za muhogo mtu wa pwani amezinunua tangu utotoni, anajua bei yake. Nenda kaulize watu wako.

Bi Mkubwa wa Shela: Ahsante kwa somo, mwanangu. Mimi niko Lamu, ila nina mtu Malindi wa kunisaidia kuuliza. Naweza kuchanganya majibu ya huku na ya huko?

Jibu: Shikamoo Bi Mkubwa. Usiyachanganye, na umeuliza jambo la maana sana. Bidhaa nyingi za dukani Lamu zimevushwa kwa boti kutoka Mokowe, na mteja wa kisiwani amezoea nauli hiyo kuwa ndani ya bei. Ukichanganya, utapata mistari iliyolala, na mpaka wa juu ambao si wa Lamu wala si wa Malindi. Weka karatasi mbili, chora grafu mbili, uzilinganishe. Wageni nao wawe na karatasi yao, maana Mwitaliano aliye likizoni Malindi hafikirii kwa sarafu zetu kabisa.

Bi Mkubwa wa Shela: Marahaba. Nimeelewa. Na watu wangapi wanatosha?

Jibu: Kwa watu 40 kila mmoja anabeba asilimia 2.5, kwa hiyo wawili watatu wakibadili jibu mstari unasogea. Kwa kujua kama ni bei ya 30 au ya 80 inasaidia. Kuchagua kati ya 40 na 45 kunataka watu wengi zaidi ya hapo. Na kumbuka ni 40 kwa kila karatasi, si 40 uwagawe.

Kaka_Hesabu: Hii njia ina kasoro. Mtu kusema bei haimaanishi atanunua.

Jibu: Sikusema atanunua. Inakupa bei ambazo hazitamfukuza mtu. Haikwambii utauza pakiti ngapi.

Kaka_Hesabu: Sikuuliza kwa ubaya. Kuna namna ya kuongeza hilo la kununua?

Jibu: Ipo, na nafurahi umeuliza. Mwaka 1993 Newton, Miller na Smith waliiongezea. Ukishapata bei ya "nafuu" na ya "ghali" za mtu huyo, unamuuliza kwa kila moja: kwa bei hii, kuna uwezekano gani utanunua? Anachagua moja kati ya majibu matano, kuanzia "sinunui kabisa" hadi "nanunua kwa hakika". Kila jibu unalipatia uzito, na anayesema kwa hakika usimhesabu kuwa ni hakika kamili, maana maneno hayagharimu kitu. Hapo ndipo unaona kama kupanda kutoka 30 hadi 40 kunakupotezea wateja wengi kuliko faida inayoongezeka.

Mama Mabuyu: Mimi niliuliza pale pale mezani ninapouza mabuyu ya shilingi 10. Wote wakasema 10, 15. Nimevunjika moyo.

Jibu: Usivunjike, mama. Waliona mabuyu na bei yake, wakaipima pakiti yako kwa hayo. Rudia mbali na meza. Ila kama utaiuza kwenye meza hiyo hiyo, majibu yale nayo yana ukweli wake: ndivyo mteja atakavyoiona siku zote. Labda pakiti hiyo mahali pake ni dukani.

Kijana_Mokowe: Gharama yangu ni 33 kwa pakiti. Niko ndani ya 27 na 57, kwa hiyo nina faida?

Jibu: Maswali haya hayajui gharama yako. Isitoshe, bei aliyotaja mteja ni ya rejareja. Ikiuzwa 40 dukani na mwenye duka akabaki na 8, wewe unapata 32, na kila pakiti inakupotezea shilingi moja. Jaribu hesabu ya 50, au punguza gramu. Ukipunguza gramu, uliza upya kwa pakiti mpya.

Duka_la_Kona: Nichangie kidogo. Dukani kwangu wengi siku hizi hulipa kwa simu, na bei kama 45 inapita bila kugombania chenji. Wa pesa taslimu ndio hulalamika.

Jibu: Nyongeza nzuri sana hiyo. Basi ongezeni safu F kwenye karatasi: anayejibu huwa analipa kwa simu au taslimu. Kama wengi ni wa simu, 45 nayo ijaribiwe.