Mbwa anajikuna tena: sindano ilizima nini hasa?

Mfugaji mmoja wa Isevya, Tabora mjini, aliniletea mbwa wake mlinzi wa miaka miwili, uzito kilo 20. "Bwana mifugo, dawa za siku hizi feki," alianza. "Kachomwa sindano mara tatu. Kila mara anapoa wiki tatu, halafu anaanza upya."

Dawa haikuwa feki. Sindano ya steroidi huzima mwasho bila kugusa chanzo chake. Mbwa mwenye ukurutu wa mzio amezaliwa na ngozi inayopitisha vitu kirahisi, na kinga ya mwili wake hupigana na vumbi kana kwamba ni ugonjwa. Mara nyingi tatizo huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Kinachomchokoza zaidi ni utitiri wa vumbi la ndani, kisha chavua na ukungu. Mbwa huyu alikuwa akilala ghalani juu ya magunia ya mahindi, na utitiri wa nafaka nao unaweza kuamsha mzio. Sindano ikiisha nguvu, magunia bado yapo.

Sababu ya pili watu wengi huikosa. Kwapani na kinenani ngozi ilikuwa nene, nyeusi, inanuka uchachu. Nilibandika selotepu pale, nikaipaka rangi na kuitazama kwa hadubini: imejaa kuvu wa malasezia. Kuvu huyu na bakteria wa ngozi husitawi pale mbwa anapojilamba, na steroidi inayopunguza kinga huwapa nafasi zaidi. Wao wenyewe huwasha. Kwa hiyo kila sindano iliacha mwasho mmoja juu ya mwingine.

Kabla ya kuuita mzio, tuliondoa vingine. Mbwa na paka wote wa boma walipewa dawa ya viroboto kwa pamoja, kwa sababu kumtibu mmoja ni kupoteza hela. Upele wa utitiri hushambulia kingo za masikio na viwiko, na mara nyingine watu wa nyumbani nao hujikuna. Huyu kingo zake zilikuwa safi, ila nyayo, kwapa na ndani ya masikio vilikuwa vyekundu. Kisha chakula: wiki 8 za nyama ya sungura na viazi vitamu tu, vitu ambavyo hajawahi kula. Dagaa marufuku, hata kichwa kimoja anachotupiwa na mtoto. Mwasho haukubadilika, basi chakula hakikuwa chanzo.

Mwenye mbwa alikuwa amesikia habari za kipimo cha mzio, akataka tuanze nacho. Nilimkatalia. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi hakithibitishi ugonjwa huu, maana hata mbwa mzima asiyejikuna anaweza kuonyesha majibu chanya. Ugonjwa hutambuliwa kwa historia, kwa sehemu zinazowasha na kwa kuondoa magonjwa mengine. Kipimo kina kazi baadaye, ukitaka kuchagua vitu vya kutengenezea chanjo ya kumzoesha mbwa taratibu na vinavyomchokoza. Chanjo hiyo huwasaidia zaidi ya nusu ya mbwa, lakini huenda ukasubiri hadi mwaka ndipo ujue. Tena, mbwa aliyetoka kutumia steroidi akipimwa kwenye ngozi, majibu hudanganya.

Kwenye dawa, usidharau prednisoloni, steroidi ya vidonge. Ni rahisi na inafanya kazi haraka. Kwa kilo 20, nusu miligramu kwa kilo ni miligramu 10, yaani vidonge viwili vya miligramu 5 kwa siku. Mwasho ukitulia, daktari hupunguza hadi siku moja ndiyo, moja hapana. Mbwa atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakula kama ana njaa ya mwaka. Kidonge unaweza kukipunguza. Sindano ya muda mrefu ikishaingia mwilini hairudi.

Oklasitinibu, kidonge kilichoidhinishwa mwaka 2013, hutuliza mwasho ndani ya siku moja bila kiu ile, ila mbwa wa chini ya miezi 12 hapewi. Lokivetimabu ni sindano inayonasa kijumbe cha mwasho mwilini, na hudumu wiki 4 hadi 8. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo uliza kwanza imesafirishwaje hadi Tabora. Zote mbili ni ghali, na zote mbili ukiacha, mwasho unarudi. Wala haziui malasezia.

Tulichofanya: mbwa alihamishwa kutoka ghalani, akaoshwa kwa shampuu ya klorheksidini, inayoua kuvu na bakteria, mara mbili kwa wiki, povu likikaa dakika 10, na prednisoloni ya muda mfupi. Baada ya wiki 4 selotepu ilikuwa karibu tupu. Mvua zilipoanza alirudi kulamba nyayo, na safari hii tuliosha kwanza kabla ya kufungua kopo la vidonge.